Maji Chini ya Vigae: Kuziba Bafu la Ghorofani Kabla ya Kutandika

Kigae kilichochomwa vizuri hakipitishi maji. Kile cha porseleni hunyonya chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na kile cha kauri ya kawaida kina uso wa kung'aa unaoyakinga. Lakini sakafu ya bafu haifunikwi na kigae kimoja. Kati ya kigae na kigae kuna mstari wa grauti, na grauti ya saruji ina vinyweleo vinavyonyonya maji kila mtu anapooga. Pale ukuta unapokutana na sakafu, grauti hiyo hupasuka nyufa nyembamba baada ya muda si mrefu. Maji yakishapita hapo hukuta saruji iliyoshika vigae, kisha skridi, kisha zege la ghorofa, na vyote vitatu hunyonya. Katika bafu linalotumiwa na familia nzima asubuhi na jioni, saruji iliyo chini ya vigae haipati nafasi ya kukauka, na kila ndoo inayomwagwa husukuma unyevu wa jana chini zaidi.

Katika nyumba isiyo na ghorofa, maji hayo huishia ardhini, na mara nyingi dalili pekee ni rangi inayobanduka kwenye ukuta wa chumba jirani. Ghorofani hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya zege lenye nondo. Nondo ikipata maji na hewa hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka vipande vya dari vikaanza kudondoka. Pwani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa majengo mengi ya Dar es Salaam na Mombasa hutumia maji ya visima, ambayo mara nyingi yana chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, bafu linalovuja huozesha boriti hizo pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayeziona. Kwa sababu hiyo makala haya yanafuata bafu la ghorofani lenye sakafu ya zege. Anayeweza kuliziba hilo, la chini halitamshinda.

Kinachozuia maji ni utando mwembamba unaopakwa kabla ya vigae, ambao mafundi huuita wotaprufu. Aina inayopatikana kwa wepesi madukani, na inayomfaa fundi wa kawaida, ni ile ya saruji yenye polima: mfuko wa unga na dumu la maji mazito meupe, vinavyochanganywa pamoja na kupakwa kwa brashi. Ukikauka, utando huo hushika zege, hushikwa na gundi ya vigae, na hunyumbuka kiasi pale ufa mdogo unapofunguka chini yake. Ipo pia ya akriliki, inayouzwa tayari ndani ya ndoo na kupakwa bila kuchanganywa na unga. Ipo ya lami, inayokuja katika mabunda na kuunganishwa kwa moto wa gesi. Hiyo ni imara juu ya paa, lakini gundi ya vigae haiishiki, kwa hiyo hulazimu kufunikwa kwa skridi.

Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa wa kazi hii: utando ukae chini ya skridi au juu yake? Ukikaa chini, zege husalimika, lakini skridi nzima hubaki imeloa. Unene wa sentimita 4 au 6 za saruji na mchanga hujaa maji ya sabuni yasiyoondoka, bafu huanza kunuka hata likisafishwa kila siku, chumvi nyeupe huchomoza kwenye grauti, na unyevu hutafuta njia ya kutokea kwenye kizingiti hadi chini ya vigae vya chumba cha kulala. Ukikaa juu ya skridi, moja kwa moja chini ya vigae, kinacholowa ni gundi na grauti peke yake. Njia hii ya pili ndiyo bora, na ndiyo inayoelezwa hapa. Inadai jambo moja: mteremko uwe umekamilika kabla ya utando kupakwa, kwa sababu maji yatakayopenya vigae yatateremka juu ya utando, na utando ulio tambarare utayageuza kuwa dimbwi lisiloonekana.

Kazi huanzia kwenye mabomba yanayopenya zege. Mara nyingi tundu hutobolewa kubwa kuliko bomba, halafu nafasi inayobaki huzibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji na udongo mwepesi wa saruji juu yake. Hakuna utando utakaodumu juu ya kiraka cha namna hiyo. Nafasi hiyo husafishwa hadi kwenye zege gumu, ubao hufungwa kwa chini, kisha humiminwa saruji maalumu isiyosinyaa. Plastiki ya bomba haishikani vizuri na saruji, kwa hiyo bomba husuguliwa kwa msasa pale utando utakapopanda juu yake. Mabomba ya maji safi yaliyochimbiwa ukutani hujazwa maji na kupimwa kwa shinikizo kabla ya kufunikwa. Bomba linalovuja nyuma ya utando huleta maji mahali ambapo utando hauna msaada wowote.

Tundu la maji la sakafuni linahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote chumbani humo. Lile linalofaa lina ukingo mpana wa bapa kuzunguka mdomo wake, ili utando upakwe juu ya ukingo huo na kuingia kidogo ndani ya mdomo. Ukingo huo hukaa usawa wa juu ya skridi au chini yake kwa milimita moja au mbili, kamwe si juu. Kichujio kinachoonekana juu ya vigae huja baadaye, kikiwa na nafasi pembeni ambayo maji yaliyopenya grauti yanaweza kupitia na kuangukia ndani ya tundu. Kosa linaloonekana katika mabafu mengi ni la fundi bomba kuliinua tundu hadi usawa wa vigae na kulizungushia saruji. Maji ya juu hutoka vizuri na kila mtu huridhika, huku yale yaliyo chini ya vigae yakikuta ukuta mdogo unaozunguka tundu na kubaki hapo hapo. Vigae vinavyozunguka tundu la namna hiyo huwa vya kwanza kubadilika rangi na kulegea.

Mteremko wenyewe huhesabiwa kabla ya kuchanganya saruji. Kiwango cha chini kinachofanya kazi ni sentimita 1 kwa kila mita. Pungufu ya hapo, kosa dogo la fundi hutosha kuacha dimbwi. Sentimita 2 kwa mita huondoa maji haraka na hufaa chini ya bomba la mvua. Ukizidi sana hapo, mguu wenye sabuni huteleza. Vitabu vingi vya ujenzi vya nchi za baridi huteremsha eneo la kuogea tu na kuacha sehemu nyingine tambarare. Afrika Mashariki mazoea ni mengine: watu huoga kwa ndoo na kata popote palipo na nafasi, choo huwa na bomba lake la kujisafishia, na sakafu huoshwa kwa kumwagiwa maji na kusukumwa kwa ufagio. Sakafu nzima ya bafu iteremke kuelekea kwenye tundu, kuanzia mlangoni.

Chukua bafu lenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.6, mlango ukiwa kwenye ukuta mfupi na bomba la mvua upande wa pili. Katikati ya tundu ni sentimita 30 kutoka ukuta wa mwisho na sentimita 30 kutoka ukuta wa kando. Kona iliyo mbali zaidi, ile ya upande wa mlango, iko mita 2.47 kutoka kwenye tundu. Kwa mteremko wa sentimita 1.5 kwa mita, kona hiyo lazima iwe juu ya tundu kwa milimita 37. Skridi iliyoshikana vizuri na zege hapo chini haipaswi kuwa nyembamba sana. Milimita 30 kwenye tundu ni kiasi kizuri. Kwa hiyo kwenye kona ya mbali skridi itakuwa na unene wa milimita 67.

Hesabu hii ndogo huonyesha tatizo ambalo hugunduliwa vigae vikiwa vimeshanunuliwa. Skridi ya chumba cha kulala jirani ni milimita 40. Kama zege la bafu lilimwagwa usawa mmoja na la chumba, bafu litakuwa juu ya chumba kwa karibu sentimita 3 pale mlangoni, na siku tundu litakapoziba, maji yataelekea kitandani. Ndiyo maana mchoraji mzuri hushusha zege la bafu wakati wa kumwaga ghorofa. Likishushwa sentimita 5 katika mfano huu, uso wa skridi ya bafu kwenye kona ya mbali utakuwa chini ya ule wa chumba kwa milimita 23, na baada ya utando hubaki ngazi ya sentimita 2, ambayo inatosha. Ambapo jengo limekwisha na zege halikushushwa, njia zilizobaki ni kulisogeza tundu karibu na katikati, kupunguza mteremko hadi sentimita 1 kwa mita, au kujenga kizingiti mlangoni. Zote ni pungufu kuliko kushusha zege, lakini kizingiti kilichozibwa vizuri ni salama kuliko sakafu tambarare.

Kuna jambo lingine linalofichwa na tundu lililo kwenye kona. Mafundi wengi hupenda skridi iwe na usawa mmoja kuzunguka kuta zote nne, kwa sababu safu ya kwanza ya vigae vya ukutani hukaa vizuri. Tundu likiwa katikati ya chumba, mtindo huo hufaa. Katika mfano huu, ukuta ulio sentimita 30 tu kutoka kwenye tundu ungelazimika kushuka milimita 37 katika umbali huo mfupi, mteremko mkali wa zaidi ya sentimita 12 kwa mita, pale pale mtu anaposimama kuoga. Afadhali mteremko uwe uleule kila upande, mstari wa sakafu ushuke taratibu kandokando ya kuta, na vigae vya safu ya chini vya ukutani vikatwe kuufuata.

Zege husuguliwa kwa brashi ya waya, huoshwa vumbi lote na hulowanishwa tangu jana yake. Siku ya kazi, hupakwa maji mazito ya saruji, na skridi humwagwa yangali mabichi, ndipo vishikane. Mchanganyiko ni saruji 1 kwa mchanga mkali 3 au 4, wenye maji kidogo kiasi kwamba ukifinywa mkononi hushikana bila kuchuruzika. Fundi huweka kwanza vibanzi vya skridi kutoka kona hadi kwenye tundu, akivipima kwa uzi na pimamaji, kisha hujaza nafasi zilizo kati na kupitisha rula juu ya vibanzi hivyo. Uso humaliziwa kwa ubao wa mbao, usilainishwe kwa niru: utando unahitaji uso wenye ukwaru kidogo. Baada ya hapo skridi hulindwa na kulowanishwa kwa siku 7. Ikiruhusiwa kukauka kwa jua na upepo siku ya kwanza, itapasuka, na nyufa zake zitajaribu kuuchana utando baadaye. Ndoo moja ya maji ikimwagwa mlangoni skridi ikiwa imekomaa itasema kama mteremko ni sahihi. Palipotuama patengenezwe wakati huo, kwa kuwa utando haurekebishi mteremko na gundi ya vigae haikutengenezwa kujaza mabonde.

Kuta za bafu hupigwa plasta ya saruji na mchanga. Plasta ya jasi, inayopendwa kwa ulaini wake vyumbani, haifai hapa, kwa sababu jasi hulainika ikiloa na vigae huanguka pamoja nayo. Utando hupanda ukutani hadi mita 2 hivi katika eneo la bomba la mvua, kupita kidogo usawa wa kichwa cha bomba, na angalau sentimita 30 kwenye kuta nyingine. Nyumba ambayo watu huoga kwa ndoo popote bafuni ni busara kupandisha hadi mita 1 kote.

Sasa pembe. Utando uliopakwa vizuri katikati ya sakafu ni nadra kushindwa. Unaposhindwa, hushindwa kwenye maungio. Sababu ni kwamba ukuta na sakafu ni vitu viwili vinavyoishi maisha tofauti. Zege la ghorofa hupinda kidogo likibebeshwa mzigo na huendelea kusinyaa kwa miezi mingi baada ya kumwagwa, wakati ukuta wa tofali umesimama pale pale. Msogeo huo ni mdogo mno, pengine sehemu ya milimita, lakini wote hujikusanya kwenye mstari mmoja mwembamba wa pembe. Utando wa milimita 2 uliopakwa peke yake juu ya mstari huo hulazimika kunyooka mara nyingi ya upana wake kwenye ufa, na huchanika. Kuongeza tabaka la tatu na la nne hakusaidii. Kinachosaidia ni kuusambaza msogeo huo juu ya eneo pana zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya utepe wa pembe.

Utepe huo ni ukanda wa kitambaa chenye nyuzi za polista, au wenye mpira katikati, wa upana wa sentimita 10 hadi 15. Kwanza pembe husafishwa vumbi na mabaki ya plasta. Hupakwa utando mbichi, sentimita 8 hivi kila upande, kisha utepe hulazwa juu yake ukiwa nusu sakafuni na nusu ukutani, na hukandamizwa kwa brashi au mwiko hadi utando uchomoze kwenye nyuzi. Usivutwe ukakaza: ukivutwa huning'inia juu ya pembe na kuacha uwazi nyuma yake, na uwazi huo hutobolewa kwa urahisi na ncha ya kigae. Vipande vinapokutana hupandana sentimita 5 hadi 10, huku kukiwa na utando mbichi kati yake. Pembe za wima za eneo la kuogea hufanyiwa vivyo hivyo.

Mahali pagumu ni pale kuta mbili na sakafu zinapokutana. Mkato wa haraka wa kitambaa huacha tundu dogo katika nukta ya ndani kabisa ya kona, na nukta hiyo hasa ndiyo maji yanapofikia. Maduka mengine huuza vipande vya kona vilivyokwisha kuumbwa, navyo vina thamani ya fedha yake. Visipopatikana, utepe wa sakafuni hupitishwa konani bila kukatwa upande wa ukuta; hukatwa mara moja tu upande wa sakafu, ncha zake hulazwa moja juu ya nyingine, na kipande kidogo cha mraba huongezwa juu. Mabomba yanayotokeza ukutani na ukingo wa tundu hufunikwa kwa kitambaa chenye tundu dogo kuliko bomba, ili kilibane. Mlangoni, utando hupanda ile ngazi ya sentimita 2 na kuishia chini ya jiwe la kizingiti, ukipakwa pia kwenye miguu ya fremu.

Baada ya pembe kukauka ndipo hupakwa uso wote. Utando wa saruji hutaka uso uliolowanishwa lakini usio na maji yanayong'aa. Ule wa akriliki hutaka uso mkavu, na ukiwekwa juu ya skridi yenye unyevu hutoa malengelenge. Kujua kama skridi imekauka, kipande cha nailoni hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote na kuachwa usiku kucha. Matone yakionekana chini yake, unyevu bado upo. Tabaka la kwanza hupakwa kwa kuelekea upande mmoja, na la pili, siku inayofuata, kwa kulikata la kwanza. Kwa kuwa mchanganyiko hukaza upesi kwenye joto la pwani, hukorogwa kidogo kidogo, na uliokwisha kukaza hutupwa badala ya kuongezwa maji.

Kiasi cha dawa kilichotumika ndicho kipimo ambacho mwenye nyumba anaweza kukisimamia bila kuwa fundi. Katika bafu la mfano, sakafu ni mita za mraba 3.8. Kuta za eneo la kuogea, yaani ukuta mfupi wote na mita 1 ya ukuta wa kando kwa kimo cha mita 2, ni mita za mraba 5.2. Ukanda wa sentimita 30 kwenye kuta zilizobaki, ukitoa mlango, ni kama 1.4. Jumla ni karibu mita za mraba 10.5. Utando wa aina ya saruji hula takribani kilo 3.5 kwa mita ya mraba ili kufikia milimita 2, hivyo bafu hili litahitaji kilo 35 hadi 40. Anayelimaliza kwa kilo 10 ameweka rangi, hata kama uso unaonekana umefunikwa vizuri.

Utando ukishakauka kwa siku zilizoandikwa kwenye mfuko, hupimwa kwa maji. Tundu huzibwa, mlangoni hujengwa ukingo mdogo wa saruji, na maji hujazwa hadi yafunike kona ya mbali kwa sentimita 2. Katika mfano huu, kwenye tundu kina kitakuwa karibu sentimita 6, na maji yote ni kama lita 150, ndoo 7 na nusu za lita 20. Alama hutiwa ukutani kwa penseli na maji huachwa kwa saa 24 kwa uchache, bora 48. Kwa kuwa maji hupungua pia kwa kukauka, beseni lenye maji huwekwa humo humo likiwa na alama yake. Sakafu ikipungua sawa na beseni, hakuna kinachovuja. Ikizidi, kuna mahali. Dari ya chumba cha chini hukaguliwa, hasa kuzunguka mabomba, pamoja na sehemu ya chini ya ukuta upande wa chumba cha kulala. Kipimo hiki hurukwa kuliko hatua nyingine yoyote kwa sababu fundi vigae anasubiri. Siku 2 za kusubiri ni nafuu kuliko kubomoa vigae vyote mwaka unaofuata, na kosa likionekana sasa hurekebishwa kwa brashi na kipande cha kitambaa.

Kuanzia hapo hadi vigae vitandikwe, hakuna ngazi ya chuma, mwiko wala toroli linaloruhusiwa juu ya utando bila maboksi kutandazwa. Vigae hushikishwa kwa gundi yake iliyosambazwa kwa mwiko wa meno na kujaa chini ya kigae chote. Mafungu matano ya udongo wa saruji, moja katikati na manne kwenye pembe, huacha mapango yanayotunza maji. Vigae vikubwa haviwezi kufuata mteremko wa pande nne bila kukatwa kwa mishazari kuelekea kwenye tundu, ndiyo maana vile vya sentimita 30 au vidogo zaidi hufaa sakafuni. Pale vigae vya sakafu vinapokutana na vya ukuta, grauti haijazwi. Huachwa nafasi ya milimita 5 na kujazwa silikoni ya bafuni. Silikoni hiyo hunyumbuka, lakini haichukui nafasi ya utando: baada ya miaka kadhaa hubanduka au kuota ukungu na hubadilishwa. Choo cha kukaa nacho huleta hatari ya dakika ya mwisho, kwani fundi hutoboa sakafu kwa ajili ya skrubu zake na kuupasua utando alioukuta mzima. Kikishikishwa kwa silikoni imara hakuna haja ya kutoboa. Ikilazimu, matundu hujazwa silikoni kabla ya skrubu kuingia.

Bafu lililokwisha kutandikwa likianza kuvuja, chanzo hutafutwa kabla ya kushika tindo. Tone linalodondoka chini usiku na mchana, watu wakioga au wasioge, hutokana na bomba la maji safi; koki zote hufungwa na mita hutazamwa kama bado inazunguka. Unyevu unaoongezeka baada ya kuoga tu unatoka kwenye bomba la maji machafu au kwenye utando. Kuvitenganisha, maji humiminwa moja kwa moja ndani ya tundu kwa mpira, bila kulowesha sakafu. Dari ikiloa, kasoro iko kwenye bomba la kutolea au kiungo chake. Isipoloa, tundu huzibwa na sakafu hufurikwa kama kwenye kipimo cha mwanzo. Ikiloa sasa, utando umeachia. Sakafu ikishinda kipimo hicho bila unyevu wowote chini, kuta za bomba la mvua hunyunyiziwa maji peke yake, na dari hutazamwa tena.

Dawa za kupaka juu ya vigae na kufufua grauti hupunguza maji kwa muda, nazo zinaweza kumfaa mpangaji anayesubiri mwenye nyumba, lakini hazifiki kwenye pembe iliyochanika. Tiba ni kubandua safu ya vigae kufuata pembe yenye kasoro, kuufikia utando wa zamani ulio mzima, kuusafisha, na kuupandishia mpya kwa sentimita 10 pamoja na utepe, kisha kupima tena kwa maji. Baada ya hapo alama ya unyevu chini haitoweki mara moja, kwa kuwa zege lililojaa maji hukauka kwa wiki nyingi. Dari ya chini haipakwi rangi mpaka ikauke kabisa, na pale plasta ilipopasuka kwa mistari iliyonyooka, hugongwa na kuondolewa ili nondo zionekane, zisuguliwe kutu na kulindwa kabla ya kufunikwa upya.